Watazamaji Wanapungua Kutoka Kipindi Hadi Kipindi: Kutafuta Chanzo, Kisha Kuamua Kupanga Upya au Kufunga Mfululizo

Mwongozo huu unamhusu mtu anayechapisha mfululizo wa video kwenye YouTube na ambaye, akitazama takwimu zake, anaona kila kipindi kinapata watu wachache kuliko kilichotangulia. Umepangwa kwa dalili. Katika kila dalili, sababu zinaanza na ile inayojitokeza mara nyingi zaidi, na ukaguzi rahisi unatangulia marekebisho yanayogharimu muda. Majina ya vipimo vya YouTube Studio yameandikwa kama yanavyosomeka katika toleo la Kiingereza la programu hiyo.

Kabla ya dalili yoyote: sawazisha umri wa video

Malalamiko mengi kuhusu mfululizo unaoporomoka huanza na kosa la hesabu. Kipindi cha kwanza kimekaa hewani miezi minne, cha sita kimekaa wiki moja, na mwenye mfululizo anaweka jumla za mitazamo bega kwa bega kana kwamba zimepatikana katika muda uleule. Kwa kawaida video ya zamani itakuwa na mitazamo mingi zaidi hata kama watu hawakupungua hata kidogo.

Kwa hiyo, kwa kila kipindi chagua tarehe zinazoanzia siku ya kuchapishwa hadi siku ya 28, uandike mitazamo iliyopatikana ndani ya siku hizo pekee. Kisha gawanya namba ya kila kipindi kwa namba ya kile kilichokitangulia. Uwiano huo ndio utakaousoma katika mwongozo wote huu. Kushuka kutoka 1,800 hadi 1,500 na kushuka kutoka 600 hadi 500 ni jambo moja, kwa sababu pote pamebaki takriban asilimia 83, ingawa kwa macho kushuka kwa kwanza kunaonekana kukubwa zaidi.

Andika pia kipimo cha pili, nacho ni asilimia ya watazamaji waliofika dakika ya mwisho ya kila kipindi, kama inavyosomeka kwenye grafu ya ubakiaji iliyo katika ukurasa wa Engagement. Vipimo hivi viwili husomwa pamoja, kwa kuwa uwiano wa kipindi kwa kipindi hukuonyesha kama watu walikuja, na grafu hukuonyesha kama walikaa. Mtu asiyekuja na mtu aliyekuja akaondoka wana matatizo tofauti, na dawa ya mmoja haimsaidii mwingine.

Dalili ya kwanza: kipindi cha pili kinapoteza nusu au zaidi

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kwamba hakuna kilichoharibika. Kipindi cha kwanza hupokea watu wa aina nyingi, wakiwamo waliokifikia kwa kutafuta, waliopendekezewa, na waliobofya kwa udadisi. Wengi wao hawakuwa na nia ya kufuata mfululizo, nao huonekana mara moja tu. Ukaguzi wake ni kuangalia uwiano wa kipindi cha tatu kwa cha pili. Ukiwa asilimia 80 au zaidi, mchujo wa mwanzo umekwisha na waliobaki ndio hadhira yako halisi, kwa hiyo usibadilishe kitu chochote. Kuanzia hapo, hesabu zako zote za kupungua zianzie kwenye kipindi cha pili.

Sababu inayofuata ni kukosekana kwa njia ya kuvuka. Fungua kipindi cha kwanza ukiwa umetoka kwenye akaunti yako, ukitumie kama mgeni, kisha ujiulize ungekifikiaje cha pili. Je, skrini ya mwisho inaonyesha kipindi cha pili chenyewe, au imeachiwa ionyeshe video ya karibuni kabisa, ambayo leo ni kipindi cha sita? Je, vipindi vyote vimo kwenye orodha moja ya kucheza, kwa mpangilio sahihi? Je, umewasha mpangilio wa `Set as official series for this playlist`, unaosaidia mfumo kutambua kwamba video hizo ni za kutazamwa kwa pamoja?

Skrini ya mwisho huwekwa ndani ya sekunde 5 hadi 20 za mwisho wa video, na hapo ndipo kosa moja dogo hufanya madhara makubwa. Msimulizi hushukuru, huaga, halafu ndipo skrini ya mwisho hutokea. Mtazamaji aliyesikia maneno ya kuaga ameshaondoka. Ikiwa grafu ya kipindi inakwenda vizuri na kuporomoka wima katika sekunde 25 za mwisho, na kipimo cha `End screen element click rate` kiko chini kuliko katika video zako nyingine, ondoa maneno ya kuaga. Mhariri wa video aliyemo ndani ya YouTube Studio anaweza kuyakata bila kubadilisha anwani ya video wala kupoteza mitazamo na maoni.

Sababu ya tatu, iliyo nadra zaidi, ni kwamba kipindi cha kwanza kilimaliza kila kitu. Kichwa kiliahidi jambo, kipindi kikalitimiza, na mtazamaji hakubakiwa na swali. Hili si kosa la ufundi, bali ni dalili kwamba mada haikuhitaji mfululizo.

Dalili ya pili: mfululizo unakwenda vizuri, kisha unaanguka mahali pamoja

Hii ndiyo dalili yenye mengi ya kujifunza, kwa sababu anguko lililo mahali pamoja huwa na chanzo kimoja, na chanzo kimoja hurekebishika. Tuchukue mfano wa kubuni na tuufuate mpaka mwisho. Mwalimu wa ushonaji amepanga vipindi vinane vya kushona shati kwa cherehani. Amechapisha sita, kimoja kila wiki, na vyote vimeshatimiza siku 28.

| Kipindi | Mada | Mitazamo ya siku 28 | Uwiano na kilichotangulia | Waliofika dakika ya mwisho |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Kuchukua vipimo | 4,000 | – | 38% |
| 2 | Kuchora kielelezo kwenye karatasi | 1,800 | 45% | 46% |
| 3 | Kukata kitambaa | 1,500 | 83% | 49% |
| 4 | Kola | 1,320 | 88% | 21% |
| 5 | Mikono | 610 | 46% | 50% |
| 6 | Vifungo na matundu yake | 550 | 90% | 53% |

Mwenye mfululizo akitazama jedwali hili haraka atasema kwamba kipindi cha tano ndicho kibovu, kwa kuwa ndipo namba ilipoanguka. Sivyo ilivyo. Waliokifungua kipindi cha tano walikaa, na nusu yao walifika mwisho. Kipindi ambacho watu hawakukimaliza ni cha nne. Katika dalili hii, mara nyingi kosa limo katika kipindi kilicho kabla ya anguko, kwa sababu mtazamaji huamua kutorudi akiwa bado anatazama kile kilichomchosha au kumshinda.

Sababu ya kwanza kuchunguzwa, ikiwa mfululizo ni wa kufundisha, ni ugumu wa hatua. Fungua grafu ya kipindi cha nne. Katika mfano wetu kina dakika 24, ilhali vingine vina dakika 12 hadi 14. Mstari unashuka taratibu kama kawaida hadi dakika ya tisa, kisha unapanda na kufanya kilima kidogo kati ya dakika ya tisa na ya kumi, halafu unaporomoka katika dakika ya kumi na moja. Kilima kwenye grafu ya ubakiaji maana yake ni kwamba watu wanarudisha nyuma na kutazama tena. Kilima kinachofuatwa na mporomoko kinasema kwamba walijaribu kuelewa, wakarudia, wakashindwa, wakaondoka. Ukiona mporomoko usio na kilima kabla yake, soma hilo kama kuchoka au kutopata walichotarajia.

Ukiitazama video yenyewe katika dakika ya tisa, sababu inaonekana bila kuhitaji takwimu zaidi: kola inaungwa na ukanda wake wa chini, kamera iko mbele ya cherehani, na mkono wa mshonaji umeziba sindano. Mtazamaji haoni vitambaa vitatu vimelaliana vipi wala mshono unaanzia wapi.

Sababu ya pili ni urefu. Ni rahisi kuilaumu, kwa kuwa dakika 24 ni karibu mara mbili ya vipindi vingine, na nimeona watu wakikata vipindi vyao vifupi bila kuuliza swali moja la msingi: watu waliondoka lini? Kama urefu ungekuwa chanzo, wangeondoka baada ya muda waliouzoea, yaani baada ya dakika ya kumi na nne. Waliondoka kabla ya hapo, kwa hiyo urefu si mshitakiwa mkuu.

Sababu ya tatu ni kuchelewa, na katika mifululizo ya kufundisha kazi za mikono haipaswi kurukwa. Mtu anayeshona pamoja nawe hawezi kumaliza kola ndani ya wiki moja ikiwa ana saa mbili tu za Jumamosi. Hajaacha mfululizo, yuko nyuma. Ukaguzi wake ni kuhesabu mitazamo ya siku 28 zinazofuata, yaani siku ya 29 hadi ya 56. Tuseme kipindi cha tatu kilipata mingine 410 katika siku hizo, ambayo ni asilimia 27 ya mitazamo yake ya mwanzo, na cha tano kikapata 95, ambayo ni asilimia 16 tu. Kama watu wangekuwa njiani, kipindi cha tano ndicho kingeonyesha mkia mrefu zaidi. Mkia wake ni mfupi, kwa hiyo kuchelewa hakulielezi anguko hili. Laiti hesabu ingekuwa kinyume, jibu lingekuwa kupunguza kasi ya kuchapisha na kuacha vipindi kama vilivyo.

Sababu ya nne ni kichwa na kijipicha cha kipindi kilichoanguka. Linganisha kiwango cha kubofya, `Impressions click-through rate`, cha kipindi cha tano na cha jirani zake. YouTube imeeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa na kiwango kati ya asilimia 2 na 10, lakini upana huo ni mkubwa mno kukufaa, kwa hiyo jilinganishe na vipindi vyako mwenyewe. Kiwango kikiwa sawa na cha jirani lakini kijipicha kimeonyeshwa mara chache, kijipicha hakina kosa. Mfumo umepunguza kukionyesha, na kwa kawaida ni kwa sababu ya yale yaliyotokea katika kipindi kilichotangulia.

Sasa marekebisho. Katika kipindi kilichokwisha kuchapishwa unaweza kukata, lakini huwezi kuingiza picha mpya, kwa hiyo dakika ya tisa haiwezi kurekebishwa ndani ya video ileile. Rekodi video fupi ya dakika sita au saba inayoonyesha kuunga kola peke yake, kamera ikiwa juu ya meza na mkono ukiwa upande usioziba sindano. Iweke kwenye orodha ya kucheza kati ya kipindi cha nne na cha tano, weka kadi inayoielekeza katika dakika ya tisa ya kipindi cha nne, pale kilima kinapoanza, na uibandike juu ya maoni. Ikiwa maelezo ya zamani yanapotosha, yakate. Fahamu kwamba video iliyozidi mitazamo 100,000 huenda isikubali kuhifadhi mabadiliko ya aina hii kama chaneli haimo katika Mpango wa Washirika wa YouTube.

Halafu subiri siku 28 kabla ya kuhukumu. Usitazame jumla, kwa sababu waliokwisha kuondoka hawatarudi kwa kuwa umerekodi upya dakika saba. Tazama wapya. Tuseme katika siku 28 za kabla ya marekebisho kipindi cha nne kilipata mitazamo 300 na cha tano 95, uwiano wa asilimia 32. Na katika siku 28 za baada yake kikapata 310 na cha tano 180, uwiano wa asilimia 58. Kiungo kati ya kipindi cha nne na cha tano kimepona kwa sehemu. Hakijafikia asilimia 83 au 88 za vile vingine, lakini namba hii inatosha kutoa uamuzi, nasi tutaurudia mfano huu huko chini.

*Onyo.* Usifute kipindi kibovu ili ukipandishe upya. Video haiwezi kubadilishwa huku ikibaki na anwani ileile. Ukifuta, unapoteza mitazamo na maoni, na kila kiungo kinachoelekea hapo kinakufa. Ikiwa ni lazima kisionekane, kifanye kiwe `Unlisted` mpaka uhakikishe mbadala wake unafanya kazi.

Dalili ya tatu: kupungua kidogo kidogo katika kila kipindi

Hapa hakuna mahali pa kuweka kidole. Kila kipindi kinabakiza asilimia 85 ya kilichotangulia na mwenye mfululizo anajiambia kwamba asilimia 85 ni nzuri. Ni nzuri kwa mfululizo mfupi. Baada ya hatua kumi za asilimia 85, waliobaki ni takriban asilimia 20. Hatua kumi za asilimia 90 hubakiza 35, na hatua kumi za asilimia 95 hubakiza 60. Tofauti ambayo kwa kipindi kimoja haionekani ndiyo inayoamua kama kipindi cha kumi na moja kitakuwa na wa kukitazama.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba mlango wa kuingilia ni mmoja tu. Kila kipindi kinawategemea waliotazama vyote vilivyotangulia, kwa hiyo kila anayeondoka ni hasara isiyofidiwa, hata kama wanaoondoka ni wachache. Kagua vichwa vyako. Kichwa kinachoanza na "Sehemu ya 7" kinamwambia mgeni kwamba anadaiwa sehemu sita kabla ya hiyo, naye hupita. Weka jambo lenyewe mwanzoni na namba mwishoni, au uiondoe namba kwenye kichwa na kuiacha kwenye maelezo na kwenye orodha ya kucheza. Kisha angalia katika `Traffic source` kama utafutaji na mapendekezo yanaanza kuleta watu kwenye vipindi vya katikati. Hili linawezekana tu ikiwa kipindi kinaeleweka bila vingine. Kama hakieleweki, kubadilisha kichwa ni kumleta mgeni kwenye chumba asichokijua, na atatoka ndani ya sekunde 30.

Chanzo cha pili ni marudio ya mwanzoni. Muhtasari wa yaliyopita, wimbo wa ufunguzi na salamu huweza kula dakika moja na nusu ambayo mfuatiliaji ameshaisikia mara tano. Pima ni asilimia ngapi wanabaki baada ya sekunde 30 katika kipindi cha pili na katika cha hivi karibuni. Ikiwa inashuka, futa muhtasari, na mahali pake weka sentensi moja inayotamka kazi ya leo. Binafsi sioni sababu ya kuwa na wimbo wa ufunguzi unaozidi sekunde tano katika video yoyote ya kufundisha.

Nafasi isiyotabirika kati ya kipindi na kipindi huja baada ya hayo, nayo huonekana kwa urahisi ukiandika tarehe za kuchapisha kando ya uwiano. Ikiwa uwiano ulio mbaya kuliko wote unafuata pengo la wiki tano, umeshapata jibu.

Dalili ya nne: mitazamo inabaki, lakini watu hawamalizi

Hii ni hatari kuliko inavyoonekana. Watu wanaendelea kuja kwa mazoea au kwa sababu ya vijipicha vizuri, huku asilimia ya wanaofika mwisho ikishuka kutoka 50 hadi 40 hadi 30. Mitazamo itafuata baada ya vipindi viwili au vitatu. Usiguse vichwa wala vijipicha. Hivyo vinafanya kazi yake. Linganisha grafu za vipindi vitatu vya mwisho na utafute kama zinashuka katika aina moja ya kipande, kwa mfano mahojiano, maelezo ya nadharia au tangazo la mfadhili. Kipande kinachojirudia na kuangusha kila mara hutolewa.

Kagua sauti pia. Sikiliza kipindi cha awali na cha sasa kwa spika ya simu, bila kugusa kitufe cha sauti. Mwangwi wa chumba kipya au sauti iliyo chini kuliko ya zamani huwaondoa watu bila wao kuandika neno.

Dalili ya tano: kila kitu kimeanguka kwa pamoja

Ikiwa video zako zilizo nje ya mfululizo zimeshuka katika wiki ileile, tatizo si la mfululizo, na kuupanga upya hakutasaidia. Angalia kama ni msimu wa mada yako, kama mlango mmoja wa nje uliokuwa ukileta watu umefungwa, au kama kuna dai la hakimiliki au kizuizi cha umri kwenye video mojawapo. Usichukue uamuzi wowote kuhusu mfululizo katika wiki kama hiyo.

Kupanga upya au kufunga

Uamuzi unahitaji mambo matatu tu, na mawili ya kwanza yameshapimwa hapo juu.

La kwanza ni kama waliobaki wanamaliza. Ikiwa vipindi vya mwisho vina watu wachache lakini nusu yao wanafika mwisho, maudhui ni mazima na njia ndiyo mbovu, kwa hiyo kupanga upya kuna maana. Ikiwa hata waaminifu wachache wanaondoka katikati, kupanga upya ni kusogeza samani katika nyumba inayovuja, na ni afadhali kufunga.

La pili ni idadi ya viungo vilivyovunjika kati ya kipindi na kipindi. Kiungo kimoja hurekebishwa. Viungo vyote vikiwa dhaifu, mfumo wa kutegemeana wenyewe haufai, na njia iliyobaki ni kuvunja mfululizo kuwa video zinazojitegemea. Hilo linawezekana kwa mada kama kurekebisha baiskeli, ambapo breki hazingoji gia. Haliwezekani kwa simulizi, ambayo kipindi chake cha tano hakina maana bila cha nne.

La tatu ni gharama. Chukua mitazamo ya siku 28 ambayo video yako ya kawaida, iliyo nje ya mfululizo, huipata. Kisha kadiria kipindi kijacho kwa kuzidisha cha mwisho kwa uwiano wa hivi karibuni. Kipindi kikikadiriwa kuwa chini ya nusu ya video ya kawaida, na kinahitaji kazi sawa au zaidi, kila kipindi unachoongeza kinakugharimu video moja ambayo ingeonekana na watu mara mbili.

Rudi kwenye shati. Waliobaki wanamaliza, kwa asilimia 50 na 53. Kiungo kilichovunjika ni kimoja, nacho kimepona kwa sehemu. Lakini gharama inasema jambo jingine: kipindi cha saba kingepata takriban 495, cha nane 445, na tuseme video za kawaida za chaneli hiyo hupata 1,050. Vyote viwili viko chini ya nusu. Kuacha hapo hakufai, kwa sababu ahadi ya kipindi cha kwanza ilikuwa shati zima, na mgeni wa mwezi ujao atakayegundua kwamba mafunzo yanaishia kwenye vifungo hatakianza hata cha kwanza. Ningeunganisha vipindi viwili vilivyobaki, pindo la chini na umaliziaji, kuwa kipindi kimoja cha dakika 15, niuite mwisho, na nisianze mfululizo wa suruali kwa mtindo huohuo. Somo la kola ningelifanya pia kuwa video inayojitegemea yenye kichwa chake, kwa kuwa ndilo swali ambalo watu walirudisha nyuma kulitazama.

Mahali pa kusimama na kumwita mwenye ujuzi

Ikiwa mfululizo una mfadhili aliyelipia idadi fulani ya vipindi, au wanachama wanaolipa kwa mwezi ili kuuona, usitangaze mwisho wake kabla ya mkataba kusomwa na mwanasheria. Kupunguza vipindi kutoka nane hadi saba kunaweza kuwa uvunjaji wa makubaliano hata kama hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Ikiwa tatizo ni sauti na umeshajaribu kusogeza kipaza sauti karibu na kuweka kitambaa kizito ukutani bila mafanikio, mpe fundi wa sauti faili asilia zisizohaririwa. Kuendelea kupitisha sauti hiyo kwenye vichujio vya kuondoa kelele huifanya isikike kama inatoka ndani ya bomba, na ubora uliopotea hivyo haurudi. Na ukikuta dai la hakimiliki usilolielewa, usilipinge kwa kubahatisha, kwa kuwa upingaji unaweza kuishia kwenye onyo rasmi dhidi ya chaneli nzima. Tafuta kwanza ushauri wa anayezifahamu sheria hizo.

Namna ya kufunga, ukishaamua

Tamka ndani ya kipindi cha mwisho kwamba ni cha mwisho, na uandike hivyo kwenye maelezo ya orodha ya kucheza pamoja na jumla ya vipindi, ili mgeni ajue kazi imekamilika. Skrini ya mwisho ya kila kipindi ielekeze kwenye kinachofuata, na ya kipindi cha mwisho ielekeze kwenye video moja inayojitegemea ambayo waliomaliza wanaweza kuihitaji. Acha vipindi vyote vikiwa hadharani. Baada ya siku 90 hesabu tena uwiano wa viungo vyote, safari hii kwa watu waliokuja baada ya mfululizo kukamilika, kwa sababu baadhi ya watazamaji hawaanzi kitu mpaka waone kimekwisha, na hao hawakuwamo katika hesabu yoyote uliyoifanya kabla.